Sukari Isiyotoka Msulini

Aliyefunga tangu alfajiri hufika magharibi sukari ya damu yake ikiwa bado ya kutosha. Huo ni mchango wa ini, lenye akiba ya takriban gramu 100 za glikojeni. Misuli ina nyingi zaidi, kama gramu 400, lakini haiwezi kuimwaga damuni. Si uchoyo. Glikojeni inapovunjwa, karibu glukosi yote hutoka ikiwa imeshikamana na fosfeti, na kwa hali hiyo haipenyi utando wa seli. Ini lina kimeng'enya cha kuiondoa fosfeti. Misuli haina, basi huitumia sukari yake humo humo.

Msaada wa misuli ni wa kuzunguka: laktiki na alanini husafiri hadi kwenye ini, nalo huziunda kuwa glukosi mpya.

Watoto wachache huzaliwa bila kimeng'enya hicho. Ini lao huvimba kwa glikojeni, huku sukari ya damu ikishuka saa chache tu baada ya mlo. Hata glukosi mpya hukwama, kwani nayo hupitia fosfeti ileile. Hupewa wanga mbichi wa mahindi, unaomeng'enywa polepole, mchana na usiku.