Waliositisha Kubadili Jinsia Wanahitaji Daktari wa Namna Gani?

Mwaka 2021 zilitoka Marekani tafiti mbili kuhusu watu walioanza kubadili jinsia kisha wakaacha au wakarudi walikotoka. Ukizisoma kwa pupa utadhani zinazungumzia viumbe wa sayari mbili tofauti.

Ya kwanza, ya daktari wa akili Jack Turban na wenzake, ilichambua majibu ya watu zaidi ya 17,000 waliowahi kuchukua hatua ya kubadili jinsia, iwe jina, mavazi, homoni au upasuaji. Kama 13 katika kila 100 walisema waliwahi kurudi nyuma. Kati ya hao waliorudi, zaidi ya 82 katika kila 100 walitaja angalau sababu moja ya nje: wazazi waliwabana, kazi haikupatikana, mtaani walikejeliwa. Utafiti wa pili, wa Dakta Lisa Littman, uliwahoji watu 100 waliokuwa wametumia dawa au kufanyiwa upasuaji, kisha wakaacha. Sitini walisema wameanza kujiona sawasawa katika jinsia waliyozaliwa nayo. Thelathini na wanane walisema wametambua kwamba dhiki yao ilitokana na jambo jingine mahususi, kama vile kunyanyaswa au maradhi ya akili. Ubaguzi ulitajwa na 23 tu.

Nani amesema kweli? Wote. Turban aliwatumia watu ambao siku ya kuhojiwa bado walijitambulisha kuwa wamebadili jinsia, kwa hiyo aliyerudi moja kwa moja hakuwemo. Littman aliwatafuta walioacha, kwa hiyo aliyesita mwaka mmoja kwa kumwogopa baba yake kisha akaendelea, huyo naye ni vigumu kumpata humo. Kila upande wa mabishano ya kisiasa huko Marekani na Uingereza hushika utafiti unaoupendeza na kuutupa mwingine. Daktari hana anasa hiyo, kwa sababu hajui aliyeketi mbele yake ni wa kundi lipi mpaka amuulize.

Na wapo wasioingia kundi lolote kati ya hayo. Kuna aliyeacha homoni kwa sababu damu yake ilizidi uzito na daktari akaingiwa na wasiwasi. Kuna aliyeacha kwa kukosa bima. Kuna aliyetaka sauti nzito tu, akaipata, akaona inatosha. Huyo hajuti chochote. Kuacha na kujuta ni mambo mawili, ingawa kwa baadhi ya watu hukutana, na yanapokutana maumivu yake ni makali.

Sasa ipo takwimu moja ya Littman ambayo kwangu ina uzito kuliko nyingine zote. Katika wale 100, ni 24 tu waliowaambia madaktari wao kwamba wameacha. Waliobaki walitoweka. Nusu na zaidi walisema hawakuchunguzwa vya kutosha kabla ya kuanza, na mtu mwenye kinyongo hicho harudi kwa hiari kwenye mlango uleule. Madhara yake ni mawili: kliniki inaendelea kuamini kwamba wagonjwa wake wote wako salama, na aliyeacha anahangaika peke yake na mwili ambao haurudi ulivyokuwa kwa kuacha sindano tu.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wa aina ambayo madaktari wa homoni huko hukutana nayo. Ana miaka 25, alizaliwa mwanamke, ametumia testosteroni kwa miaka minne na ameondolewa matiti. Ovari na mfuko wa uzazi anavyo. Anataka kuacha.

Swali la kwanza linalomfaa ni jepesi: tukuite jina gani, na ungependa mwili wako uweje kuanzia sasa? Kuuliza "kwani ulikosea wapi?" ni kumfukuza. Kumwambia "subiri, utabadili mawazo tena" ni vilevile. Akitaka kueleza sababu, asikilizwe, hata kama maelezo yake yanaigusa kliniki yenyewe. Daktari anayeanza kujitetea dakika hiyo ameshapoteza mgonjwa.

Kisha yaje ya mwili. Hakuna utaratibu mmoja uliothibitishwa wa kuacha testosteroni: wapo madaktari wanaopunguza kipimo kidogo kidogo, wapo wanaosimamisha mara moja. Ovari zake kwa kawaida huamka zenyewe, na hedhi hurudi ndani ya miezi michache. Katikati hapo anaweza kuchoka, kupandwa na joto la ghafla au kushuka moyo, na ni vizuri aambiwe mapema asije akadhani anaugua kitu kipya. Damu ipimwe kuona homoni zake zimefika wapi. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni mimba: yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, hivyo anaweza kushika mimba kabla hajaona damu yoyote. Kama ana mwenzi wa kiume, mazungumzo ya uzazi wa mpango ni ya siku hiyohiyo.

Mafuta ya mwili yatarudi nyongani na mapajani, misuli itapungua. Sauti haitapanda. Testosteroni huzinenepesha nyuzi za sauti, na estrojeni haizipunguzi. Msaada wake ni mtaalamu wa sauti, na kwa wengine upasuaji. Ndevu nazo hubaki. Huondolewa kwa leza au kwa umeme unaochoma kila shina la unywele, na mwenye ngozi nyeusi aulize mapema ni leza ya aina gani, kwa maana ile iliyokusudiwa ngozi nyeupe inaweza kumuunguza na kumwachia madoa. Matiti yanaweza kuundwa upya, lakini hayatanyonyesha kama yale ya kwanza.

Hali ni nzito zaidi kwa aliyeondolewa ovari au korodani. Mwili wake hautengenezi tena homoni za kutosha za upande wowote. Akiacha dawa bila kupewa nyingine, mifupa huanza kudhoofika na anaweza kupata maradhi ya mifupa ya wazee akiwa bado kijana. Huyu hasimamishi homoni, anabadilishiwa: aliyezaliwa mwanamume arudishiwe testosteroni, aliyezaliwa mwanamke estrojeni, na mifupa yake ipimwe.

Moyo wake nao unahitaji mtu. Ushauri nasaha utolewe kama msaada, usiwe sharti la kupata matibabu mengine, na daktari aulize waziwazi kama kuna mawazo ya kujiua. Yule aliyeacha kwa kulazimishwa na ndugu aambiwe kwamba akitaka kuendelea siku za mbele hatadharauliwa. Yule aliyeacha kwa sababu amejitambua upya asigeuzwe ushahidi wa kampeni ya mtu.

Uingereza wameligusa jambo hili kwa maandishi. Ripoti ya Dakta Hilary Cass, iliyotolewa Aprili 2024, iliitaka huduma ya afya ya taifa huko iwe na matibabu kwa wanaofikiria kurudi, ikitambua kwamba huenda hawatataka kuhudumiwa na kliniki za awali. Ripoti hiyo imepingwa na wengi kwa mengine yaliyomo, lakini kwa hili nadhani ilisema sawa.

Ikiwa wewe au ndugu yako aliye ughaibuni anataka kuacha, asimwage dawa kimyakimya. Kama haiamini tena kliniki iliyomwanzishia, aende kwa daktari mwingine yeyote wa homoni, na mambo matatu ayaseme mwanzoni kabisa: ametumia dawa gani, kwa muda gani, na viungo gani vimeondolewa.