Kichwa cha Makala kwa Mama Aliyefiwa na Mtoto Mchanga

Maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne baada ya kujifungua. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia hushuka, hata kama mtoto hakuzaliwa hai. Mama aliyempoteza mtoto hujikuta na matiti yaliyovimba na kuuma, na mara nyingi huona haya kumuuliza mtu. Usiku huchukua simu na kuandika: maziwa kutoka baada ya mtoto kufariki.

Tuseme mwandishi ameandika makala inayomfaa kabisa mama huyu, akaiita "Malaika Aliyerudi". Nia yake ni njema, lakini kichwa hicho hakina neno hata moja kati ya yale aliyoandika mama. Huenda akaletewa badala yake makala za kuongeza maziwa, na hilo ni jeraha juu ya jeraha. Mimi ningeandika: "Maziwa kujaa baada ya kufiwa na mtoto mchanga: ufanye nini". Herufi hazifiki 60, kwa hiyo kwa kawaida kichwa hakikatwi kwenye simu. Kinasema jambo lenyewe bila kumtisha.

Chini ya kichwa huonekana muhtasari. Usipouandika, mtambo wa kutafuta huokota sentensi yoyote ndani ya makala, pengine ile inayosimulia chumba cha kujifungulia. Andika wako, herufi 150 hivi: kwa nini maziwa hujaa, namna ya kupunguza maumivu, dalili za kwenda hospitali.

Kisha mpe jibu mapema. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kukaza, aweke kitambaa baridi, akamue kidogo tu apate nafuu, maana kukamua mpaka titi liishe huuambia mwili utengeneze zaidi. Titi likiwa jekundu, lina joto, naye ana homa, aende kituo cha afya. Simulizi ya mama mwingine ifuate baadaye, chini ya kichwa kidogo kinachoitaja, ili asiyeiweza usiku huo aishie hapo akiwa ameshapata msaada.

Picha nayo huonekana kabla ya maneno, hasa makala inapotumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Usiweke kichanga wala mama anayenyonyesha. Angalia pia makala ikae fungu gani: ikiwekwa kwenye "Malezi", mfumo unaweza kuipangia chini yake makala za kumwogesha mtoto na matangazo ya nepi. Ifungulie fungu la msiba wa uzazi, na matangazo yazimwe kwenye ukurasa huo.

Kuhusu mama aliyekusimulia, kubalianeni jina kabla ya kuchapisha, na lisiingie kwenye anwani ya ukurasa. `maziwa-baada-ya-kufiwa-na-mtoto` inatosha. Jina ukilibadilisha baadaye, viungo na nakala zilizokwisha kutumwa hubaki na lile la zamani, na mwajiri anayemtafuta kwa jina anaweza kukutana na msiba wake kwanza.