Mwendo wa Basi na Muda wa Safari

Basi lina safari ya kilomita 120. Mwendo wake wa wastani siku hiyo, V, haujulikani mapema: unaweza kuwa wowote kati ya kilomita 40 na 80 kwa saa, na hakuna kiwango kinachopendelewa kuliko kingine. Kwa hiyo msongamano wa uwezekano wa V ni 1/40 kote humo. Lakini abiria anachouliza ni muda, T = 120/V, ambao utaangukia kati ya saa 1.5 na saa 3.

Mwanafunzi mwenye haraka hudhani kwamba na msongamano wa T utabaki 1/40. Hesabu inamkatalia papo hapo. Upana wa saa 1.5 ukizidishwa kwa 1/40 unatoa 0.0375, ilhali eneo lote chini ya mchoro wa msongamano lazima liwe 1.

Dawa ni kuuacha msongamano kwanza na kuuliza swali la uwezekano: kuna uwezekano gani kwamba safari haitazidi muda t? Haitazidi iwapo tu mwendo ni 120/t au zaidi. Hapa ndipo wengi huteleza, maana alama ya "si zaidi ya" imegeuka kuwa "si chini ya": muda ukipungua, mwendo umepanda. Kwa saa 2, basi linahitaji mwendo wa 60 au zaidi, yaani nusu ya viwango vyote, hivyo uwezekano ni 0.5. Kwa t yoyote kati ya 1.5 na 3:

F(t) = (80 − 120/t)/40 = 2 − 3/t

Saa 1.5 inatoa 0 na saa 3 inatoa 1, kama inavyotakiwa. Msongamano ni kasi ya kupanda kwa F, yaani mteremko wake:

f(t) = 3/t²

Kwenye saa 1.5 ni 4/3, kwenye saa 3 ni 1/3 tu. Sababu inaonekana kwa macho: mwendo wa 60 hadi 80 umebanwa ndani ya nusu saa, wakati ule wa 40 hadi 60 umetandazwa kwenye saa nzima.

Matokeo yake yanamhusu hata mpanga ratiba. Wastani wa V ni 60, naye atagawanya 120 kwa 60 na kuandika saa 2. Wastani halisi wa T, ukitafutwa kwa f, ni kama saa 2 na dakika 5.

Njia hii haivunjiki hata pale thamani mbili zinapoleta jibu moja. X ikiwa kati ya −1 na 2, bila upendeleo, na Y = X², basi kwa y isiyozidi 1 huhesabiwa X zote kutoka −√y hadi √y; y ikivuka 1, upande wa kushoto huishia −1. Msongamano ni 1/(3√y) kabla ya 1, kisha hushuka ghafla hadi 1/(6√y) mpaka 4. Anayesahau upande wa hasi atapata eneo la 2/3 badala ya 1.