Dashibodi ya Kubandika Ukutani

Mganga mfawidhi wa zahanati moja ya milimani aliwahi kunionyesha mahali anapopatia mtandao: kipandio cha tatu cha ngazi ya tangi la maji. Hapo husimama, mkono mmoja umeshika chuma, mwingine simu. Wilayani walikuwa wamemtengenezea dashibodi nzuri ya akiba ya dawa, yenye ramani, grafu na jedwali la zahanati 41. Yeye alikuwa akiona duara linazunguka mpaka bando linakata.

Waliopata ufumbuzi hawakuhangaika na mnara. Waliiagiza seva kwamba kila ikimaliza kusasisha takwimu, iifungue dashibodi yenyewe, iichape kuwa PDF, kisha faili hilo lipelekwe kwenye kundi la WhatsApp. Likishashuka mara moja, linasomeka hata simu ikiwa haina mtandao wiki nzima. Kazi ya kuchapa hufanywa na kivinjari cha kawaida, Chromium, kinachoendeshwa bila skrini wala mtu wa kubofya.

Kuchapa ni rahisi. Kinachosumbua ni kujua wakati wa kuchapa.

Mwanzoni walipanga kwa saa: takwimu zisasishwe saa nane usiku, PDF ichapwe saa tisa. Mambo yalikwenda vizuri hadi usiku mmoja usasishaji ulipokwama katikati. Saa tisa ilipofika, seva ilichapa vilevile. Asubuhi watu wakapokea karatasi yenye tarehe ya leo na hesabu za juzi, na hakuna aliyeweza kugundua kwa kuitazama. Wakaachana na saa, wakafunga kazi zote kwenye mnyororo mmoja:

```
./sasisha.sh && node chapa.js && mv hali.tmp.pdf hali.pdf
```

Alama `&&` maana yake ni kwamba hatua inayofuata haianzi mpaka iliyotangulia iripoti kuwa imefaulu. Usasishaji ukianguka na kuripoti kosa, hakuna PDF mpya. Hatua ya mwisho, ya kubadili jina, inazuia mtu asije akapakua faili lililoandikwa nusu. Juu ya ukurasa sasa zipo tarehe mbili: takwimu zinaishia lini, na karatasi imechapwa lini. Ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa.

Kosa jingine la wakati liko ndani ya kivinjari chenyewe. Ukurasa unaweza kuwa umeshafunguka huku grafu bado zinachorwa, na ukichapa hapo unapata vichwa vya habari vyenye masanduku matupu chini yake. Kusubiri sekunde tano ni kubahatisha, kwani siku seva ikizidiwa hazitoshi. Afadhali ukurasa useme wenyewe kuwa uko tayari, kwa kuinua alama grafu ya mwisho inapokamilika, nayo programu ya Puppeteer iisubiri:

```
await page.waitForFunction(() => window.tayari === true);
await page.pdf({ path: 'hali.tmp.pdf', format: 'A4',
                 printBackground: true });
```

Alama isipoinuka ndani ya sekunde 30, Puppeteer hutoa kosa na mnyororo unakatika.

Hilo neno `printBackground` lina kisa chake. Usipoliandika, rangi za nyuma hazichapwi, maana ndivyo ilivyopangwa kukwepa kumaliza wino. Kwenye jedwali letu, zahanati iliyoishiwa dawa mseto ya malaria ilionyeshwa kwa mraba mwekundu mtupu, bila namba. Kwenye PDF ya kwanza miraba yote ilitoka myeupe, na mtu aliyeisoma akadhani mambo ni shwari wilaya nzima. Rangi zilirudishwa, lakini ndani ya mraba likaongezwa pia neno IMEISHA. Kuna watakaochapa kwa mashine ya wino mweusi, na karatasi haina pa kupeleka kidole ili maelezo yajitokeze.

Halafu uzito. Faili la kwanza lilikuwa na MB 4, karibu zote zikiwa picha ya setilaiti iliyolala nyuma ya ramani. Kwa mtandao wa kilobiti 100 kwa sekunde, huko ni kusimama kwenye ngazi zaidi ya dakika tano, tena kama haujakatika. Picha ikaondolewa, ikabaki mipaka ya kata iliyochorwa kwa mistari, na faili likashuka hadi KB 300, yaani sekunde 24 hivi. Mpenzi wa ramani atalalamika, ila hakuna anayeagiza dawa kwa kutazama misitu.

Mfawidhi yule sasa huchapa ukurasa wake anaposhuka mjini, akaubandika kwenye mlango wa stoo. Mara ya mwisho nilipopita, namba ya dawa mseto ilikuwa imekatwa kwa kalamu na pembeni imeandikwa hesabu ya jioni ile.