Familia iko nchi tatu, mzigo uko chumbani kwangu: tunavyotafuta mawazo bila kupigiana simu usiku

Leo nawaletea kisa cha madera 84.

Nauza madera mtandaoni, niko Dar es Salaam. Mtaji sio wangu peke yangu. Kaka yangu yuko Minneapolis, Marekani, dada yangu yuko Muscat, na mama yuko Tanga. Kila mmoja alichangia, hata mama alitoa hela ya mchezo wake. Baada ya Idd nikabaki na madera 84 ambayo nilinunua kwa 9,000 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: 756,000 imelala kwenye viroba chini ya kitanda, na kila nikipokea simu ya mama naona aibu.

Nikasema hapa nahitaji vichwa vingi. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jamani, leo saa 3 usiku tukutane tupige bongo." Saa 3 ikafika, tukawa watatu. Kaka hakuonekana. Saa 5 usiku simu zikaanza kuita, mama ameshalala, na kule Muscat ni saa 6 usiku. Kaka akalalamika kwamba amewahi kabisa, kwa sababu yeye aliona "saa 3" akaweka 3:00 mchana ya kwake. Amekaa huko miaka mingi, kwake 3 ni 3, wala hasemi saa 9 kama sisi.

Kesho yake kaka, kwa kufidia, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika 11. Humo ndani alitaka tufungue tovuti, akataka tupige picha upya, na katikati akamsalimia mama. Kilichofuata mnakijua. Kaka ni mkubwa na ndiye aliyetoa hela nyingi, basi dada akajibu "sawa kaka", mama "sawa mwanangu", na mimi pia "sawa". Nikalipa fundi wa tovuti. Wiki tatu zikapita, hakuna hata dera moja lililotoka kupitia tovuti ile.

Baadaye nikagundua kosa halikuwa tovuti tu. Sisi hatukuwa tumetafuta mawazo. Tulisikia wazo moja, tukaliitikia. Jambo hili wala sio la familia yetu tu. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu waliokaa wanne wanne wakitoa mawazo kwa pamoja, na watu wanne ambao kila mmoja alifikiri peke yake kisha mawazo yao yakaunganishwa. Waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Kwa hiyo kuishi mbalimbali si hasara kama tunavyodhani. Umbali unakupa nafasi ya kila mtu kufikiri kabla hajasikia mwenzake, ila uutumie hivyo.

Hivi ndivyo tulivyofanya mara ya pili.

Kwanza, ukweli wa mzigo kwenye karatasi moja

Nilifungua dokumenti moja ya Google Docs kwenye simu. Sikuandika "naombeni mawazo". Niliandika hali halisi: madera 84, yaani 31 ya chapa moja (kijani yenye maua meupe) na 53 mchanganyiko. Bei ya kununua 9,000, bei ya kuuza 15,000. Halafu nikarudi inboksi, nikachukua meseji 20 za mwisho za wateja ambao waliuliza wakapotea. Nikahesabu waliuliza nini. Kati ya hao 20, 11 waliuliza urefu wa dera. Hilo nalo nikaliandika.

Juu kabisa nikaweka swali moja tu: "Tufanye nini ili haya madera yatoke ndani ya siku 30, bila kuongeza mtaji?" Ukiuliza swali pana kama "tukuze vipi biashara", utaletewa tovuti tena.

Wakati wa kutuma linki, nenda kwenye `Share`, chagua `Anyone with the link`, kisha weka `Commenter` badala ya `Editor`. Mtu ataweza kuacha maoni pembeni lakini hatafuta kitu. Nasema hivi kwa sababu mara ya kwanza dada alikuwa anasoma akiwa kwenye basi, kidole kikateleza, nusu ya orodha ikapotea. Ikibidi kurudisha, kwenye kompyuta ingia `File`, halafu `Version history`.

Mama hasomi dokumenti kwenye simu. Yeye nilimsomea ukurasa wote kwa sauti, dakika mbili, nikamtumia peke yake. Ukiwa na mtu kama huyo usimruke. Ndiye aliyetuokoa, utaona.

Pili, saa ya mwisho badala ya saa ya kukutana

Hatukupanga tena kukutana. Nilitoa siku tatu, na saa moja ya mwisho ya kutuma, nikaiandika kwa kila mtu na kwa tarakimu za simu:

Dar na Tanga: Alhamisi saa 3 usiku (21:00)
Muscat: Alhamisi saa 4 usiku (22:00)
Minneapolis: Alhamisi saa 7 mchana (13:00)

Zile tarakimu za kwenye mabano ndizo zinazomaliza ubishi, maana 21:00 haina tafsiri mbili. Na kumbukeni, sisi na Oman hatubadilishi saa, lakini Marekani wanabadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 8. Miezi mingine ni saa 9. Kwa hiyo mwezi wa Novemba ile 13:00 ya kaka inakuwa 12:00, usinakili tu ratiba ya zamani. Angalia na siku zao za mapumziko. Dada anapumzika Ijumaa na Jumamosi, kaka Jumamosi na Jumapili. Alhamisi usiku dada ameshatulia, na kaka yuko kwenye mapumziko ya mchana.

Tatu, mawazo yanakuja inboksi kwangu, sio kwenye kundi

Hapa ndipo kila kitu kilipobadilika. Mtu hatumi wazo kwenye kundi. Ananitumia mimi pembeni, kwa maandishi au kwa sauti. Masharti ya sauti yalikuwa matatu: isizidi dakika 2, ibebe wazo moja, na sentensi ya kwanza ilitaje wazo lenyewe kabla ya maelezo. Mwenye mawazo manne atume sauti nne. Ukiwa na bei au idadi, iandike pia, kwa sababu namba kwenye sauti inapotea. "Kumi na tatu" na "kumi na tano" kwenye mtandao mbovu ni kitu kimoja.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza na kuandika kila wazo mstari mmoja kwenye dokumenti, bila jina la mwenyewe. Usiongeze chumvi, usirekebishe. Ukishaandika, mrudishie mwenye wazo mstari wake umuulize, "Nimekuelewa hivi, sawa?" Mimi hapo nilikamatwa. Mama alisema "sare", mimi nikaandika "punguzo kwa wanaonunua mengi". Akanirudisha: "Sijasema punguzo mwanangu. Nimesema sare."

Alhamisi usiku tulikuwa na mawazo 15. Matatu yalijirudia, yakabaki 12. Ndipo nikatuma linki kwa wote. Siku moja ya kusoma na kuuliza maswali pembeni, kisha kila mtu akanitumia kura tatu, nazo inboksi. Kura za wazi zinamfuata mkubwa, tulishaona.

Wazo la mama

Mama alikuwa amesikia namba moja ambayo sisi wote tuliisoma tukaipita: 31 za chapa moja. Kwetu ilikuwa tatizo, nani anataka dera ambalo watu thelathini wanalo? Yeye akasema kwenye shughuli ndicho hasa kinachotafutwa. Wanawake wa kikundi wanataka wafanane, na shida yao ni kukosa idadi ya kutosha ya kitambaa kimoja. "Usimuuzie mmoja mmoja. Wauzie kwa pamoja."

Lilipata kura zote nne zilizowezekana, pamoja na ya kaka. Sina hakika kama angeipigia kura angejua ni la nani, na mama mwenyewe asingelisema kwenye kundi baada ya zile dakika 11. Wazo la pili lilipata kura tatu: kupima kila dera kwa futi ya fundi, kutoka bega mpaka chini, na kuandika sentimita kwenye picha. Lile lilitoka moja kwa moja kwenye zile meseji 11.

Chini ya dokumenti nikaandika uamuzi: nani, anafanya nini, mpaka lini, na tutajuaje kama limeshindikana. Mama atawauliza vikundi vya Tanga. Mimi nitapima na kupiga picha. Siku 14 zikipita bila oda ya sare, tunafungua orodha tena na kuchukua wazo linalofuata.

Siku ya tisa, kikundi kimoja cha Tanga kilichukua 24 kwa 13,000 kila moja. Hiyo ni 312,000 kwa mkupuo, nikapakia kiroba kwenye basi la asubuhi. Yale yaliyopimwa yalitoka 19 ndani ya mwezi. Yamebaki 41, sitawadanganya, bado yapo chini ya kitanda, na lengo la siku 30 hatukulifikia. Lakini orodha ya mawazo 12 bado ipo, na mwezi huu tumechukua la tatu.

Njia hii haifai kwa kila kitu. Mteja akilalamika leo au bei ikipanda sokoni asubuhi, piga simu, amua. Pia inaelemea mtu mmoja, yule anayesikiliza na kuandika. Mimi ilinila kama saa mbili kwa siku tatu zile. Na kama wewe ndiye mwenye wazo unalolipenda, mpe mwingine kazi ya kukusanya, maana utalipendelea bila kujijua.

Mtaji wa mama umerudi sehemu. Nilipomtumia, alinijibu kwa sauti ya sekunde nne: "Zimefika. Na yale saba ya kijani, usiyauze moja moja."