Kapasita Ndogo Inayotuliza Kipimo cha Kidoleni

Kile kibanio cha kupimia oksijeni ambacho muuguzi hukubana nacho kidoleni kina taa mbili ndogo za LED upande mmoja. Moja hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 660 hivi, nyingine infraredi ya nanomita 940 hivi. Upande wa pili wa kidole kuna fotodayodi, kipande cha silikoni kinachotoa mkondo wa umeme kinapopigwa na mwanga. Damu iliyobeba oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite kwa wingi kuliko damu isiyo nayo, na kwenye infraredi mambo hugeuka. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi alionyesha mwaka 1974 kwamba ukitazama tu ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, unaweza kukisoma kiwango cha oksijeni cha damu ya mshipa wa ateri bila kumtoboa mgonjwa.

Ugumu ni kwamba fotodayodi haijui rangi. Ndiyo maana taa huwaka kwa zamu: nyekundu, kisha infraredi, kisha giza kidogo la kupimia mwanga wa chumbani. Tuchukue zamu ya mikrosekunde 100 kwa kila taa, na tuseme kipimo chenyewe kinasomwa katika mikrosekunde 20 za mwisho. Kwa hiyo sakiti ina mikrosekunde 80 za kupanda hadi kiwango chake na kutulia. Kazi hiyo hufanywa na amplifaya inayogeuza mkondo kuwa volti, na tabia yake karibu yote huamuliwa na vipande viwili vilivyofungwa kati ya mlango wake wa kutokea na ule wa kuingilia: rezista na kapasita ya mrejesho.

Naanza na rezista, kwa sababu ndiyo inayoweka ukubwa wa kipimo. Kila mikroampea moja ikipita kwenye rezista ya megaomu moja, hutokea volti moja. Tuseme mwanga uliovuka kidole unatoa mikroampea moja, na mwanga wa dirishani unaopenya kandokando unaongeza tatu. Jumla ni volti 4, na opampu ya kawaida kama TL071, ikilishwa volti 9 chanya na 9 hasi, inazimudu bila taabu. Ukiweka rezista ya megaomu 10 utapata volti 40 kwenye karatasi, lakini mezani amplifaya itagonga dari ya umeme wake na mapigo ya moyo yatapotea kabisa. Mwanga wa dirishani ndio unaoweka kikomo, wala si ule wa LED.

Wapo wanaong'ang'ania rezista kubwa kwa hoja ya kelele. Hoja yao ni sahihi, ila kwa sehemu tu. Rezista yoyote yenye joto hutoa kelele, na ukiikuza mara kumi, ishara huongezeka mara kumi ilhali kelele yake huongezeka mara tatu na kidogo. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini mwanga wenyewe nao una kelele, kwa kuwa elektroni hufika mojamoja, bila mpangilio. Mara tu volti tulivu inayosimama juu ya rezista inapozidi milivolti 50 hivi, kelele hiyo ya mwanga huwa imeshaizidi ile ya rezista. Sisi tuna volti nzima. Kuipandisha rezista zaidi ya hapo kunakuza ishara na kelele ya mwanga kwa kiasi kilekile, na unachobaki nacho ni sakiti nzito zaidi. Megaomu moja inatosha.

Sasa tuje kwenye mtikisiko. Fotodayodi maarufu ya BPW34, isipowekewa volti ya kinyume, ina kapasitansi ya pikofaradi 70 hivi. Ongeza 10 za mlango wa opampu na njia za shaba za bodi, tupate 80. Rezista ya megaomu moja ikikutana na pikofaradi 80, mrejesho huanza kuchelewa kuanzia kilohezi 2, na masafa yakiendelea kupanda, ucheleweshaji huo hukaribia robo ya wimbi. Opampu yenyewe nayo huchelewesha robo nyingine. Robo mbili ni nusu: sahihisho lililokusudiwa kuipunguza ishara linafika wakati linaiongeza. Mbele ya mabadiliko ya ghafla kama kuwaka kwa taa, amplifaya hupita kiwango, hurudi chini mno, hupita tena, kama gari lenye shokapu zilizokufa likivuka tuta.

Masafa ya mtikisiko huo yanakadirika. Zidisha kilohezi 2 kwa megahezi 3, ambazo ndizo kipimo cha kasi ya TL071 kwenye karatasi yake ya data ya miaka mingi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata kilohezi 77 hivi, yaani wimbi moja kila mikrosekunde 13. Bila kapasita yoyote ya mrejesho, hesabu inasema mtikisiko huchukua mikrosekunde 160 hivi kupungua hadi theluthi yake. Dirisha letu zima ni mikrosekunde 100. Taa nyekundu inazimika huku sakiti bado inayumba, na myumbo huo unaingia kwenye zamu ya infraredi.

Dawa ni kapasita iliyofungwa sambamba na rezista. Inaupa mrejesho njia ya mkato kwenye masafa ya juu, ili usahihisho ufike mapema. Kiasi cha kuanzia kinatokana na fomula hii:

```
Cf = √( Cin / (2π · Rf · GBW) )
```

Cin ni zile pikofaradi 80, Rf ni megaomu moja, na GBW ni megahezi 3. Jibu ni pikofaradi 2 na pointi kidogo. Hapo mtikisiko mkubwa umeondoka, ingawa mchoro wa masafa bado una nundu ndogo, na taa ikiwaka ishara hupita kiwango kwa asilimia 16 hivi kabla ya kurudi. Zidisha jibu kwa 1.4, upate pikofaradi 2.9, na nundu inatoweka kabisa: upana wa masafa unabaki kilohezi 77 na kupita kiwango kunashuka hadi asilimia 4. Vitabu vingi huishia hapo. Kwa anayetaka kasi ya juu kabisa, ni sawa kuishia hapo.

Mimi singeishia hapo kwa kipimo cha kidoleni, na sababu ni kelele, ile ya opampu yenyewe. Kelele hiyo haikuzwi kwa kiasi kilekile cha ishara. Kwenye masafa ya juu hukuzwa kwa moja jumlisha uwiano wa kapasitansi ya mlangoni kwa ile ya mrejesho. Kwa 80 na 2.9, ni mara 28 au zaidi. Ndiyo maana opampu ambayo kelele yake inaonekana ndogo kwenye karatasi ya data hutoa, katika sakiti hii, mikrovolti 200 hivi za kelele, huku rezista iliyokuwa inalaumiwa ikitoa chini ya mikrovolti 50. Na ukiiacha sakiti bila kapasita, ile nundu hukuza kelele hii vilevile, ikafika milivolti 1.5. Kumbuka kwamba mapigo ya moyo huenda yakawa asilimia moja tu ya mwanga, yaani milivolti 10 kati ya volti yetu moja, na kwa mgonjwa mwenye vidole vya baridi huwa pungufu ya hapo. Mtu anayeona kelele nyingi na kukimbilia kununua rezista bora anaweza kuwa anatibu ugonjwa usiokuwepo. Alichokosa ni pikofaradi chache.

Kwa hiyo tuiongeze kapasita, lakini kwa kuutazama muda. Pikofaradi 6.8 pamoja na megaomu moja hutoa upana wa kilohezi 23 hivi. Ishara hufika ndani ya elfu moja ya kiwango chake cha mwisho kwa mikrosekunde 50 hivi, na tuna 80. Kelele ya opampu inashuka hadi mikrovolti 140, na ile ya mwanga inashuka pia. Mtu akiona raha ya utulivu huo akapanda hadi pikofaradi 22, kelele itapungua zaidi na osiloskopu itaonyesha mstari unaopendeza. Lakini sasa elfu moja ile inahitaji mikrosekunde 150. Tunapoanza kusoma infraredi, asilimia 2 au 3 ya tofauti kati yake na nyekundu bado haijaisha. Rangi mbili zinachanganyika, na kwa kuwa kiwango cha oksijeni hutolewa kwenye uwiano wa rangi hizo, kifaa kitaandika namba isiyo sahihi bila kuonyesha dalili yoyote. Kati ya makosa haya mawili, la ukimya naliogopa zaidi kuliko la mtikisiko. Mtikisiko angalau unaonekana.

Kapasita iwe ya aina ya C0G, ile ya keramiki isiyobadilika na joto wala volti. Na pikofaradi 6.8 uliyoinunua si lazima ziwe 6.8 ulizozifunga. Rezista pekee huwa na sehemu ya pikofaradi ndani yake, na mashimo jirani ya ubao wa majaribio yanaweza kuongeza pikofaradi moja au zaidi. Ndiyo maana sakiti iliyotulia vizuri kwenye ubao huo huweza kuanza kutikisika ikihamishiwa kwenye bodi safi ya shaba: ile kapasita ya bure iliyokuwa inaisaidia imebaki nyuma. Ushauri wa kupima nao una mtego. Ncha ya osiloskopu huongeza pikofaradi 10 hivi, kwa hiyo iweke kwenye mlango wa kutokea, kamwe isiguse ule wa kuingilia, la sivyo utakuwa unapima sakiti nyingine.

Mtikisiko wenyewe unaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kupimia. Ondoa kapasita ya mrejesho, iwashe LED kwa wimbi la mraba, kisha soma masafa ya mtikisiko kwenye osiloskopu. Ukiona kilohezi 77, makadirio ya pikofaradi 80 yalikuwa sawa. Tuseme umeona kilohezi 60. Gawa 77 kwa 60, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 80: ni pikofaradi 132 hivi. Zile 50 za ziada zimetoka wapi? Tazama waya. Kebo yenye kinga huwa na pikofaradi 100 hivi kwa kila mita, na katika vipimo vya kando ya kitanda fotodayodi hukaa mwisho wa kebo, mbali na amplifaya. Nusu mita tu inatosha kuleta tofauti hiyo. Aliyechagua pikofaradi 2.9 kwa usahihi wote ataiona nundu yake ikirudi, kwa kuwa kapasitansi mpya inadai 3.7. Mwenye 6.8 hatahitaji kubadilisha kapasita, ila kelele ya opampu itapanda kidogo kwa sababu ya waya ule.