Gauni la Idi likiisha dukani

Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, maduka ya nguo za watoto hukutana na jambo lilelile. Gauni moja linapendwa kuliko mengine yote, picha yake inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na kabla mfungo haujafika katikati, limeisha. Maombi hayaishi. Anayeuza kwa simu huanza kujibu kila mmoja, "Lipo njiani mpenzi, lipia nikuwekee." Hapo ndipo matatizo yote huanza, kwa sababu ameshapokea pesa ya kitu ambacho hajui kitafika lini, na hata hajui kama kitawatosha wote aliowaahidi.

Tuchukue duka la mfano la Kariakoo, linalouza kwa picha Instagram na kupokea oda WhatsApp. Gauni lake la maua linauzwa shilingi 45,000, na linakuja namba nne: 4, 6, 8 na 10. Mzigo wa kwanza umekwisha. Mwenye duka ameagiza mengine 60 kutoka Guangzhou, na wateja 48 wameandika kwamba wanalitaka. Mtu akiangalia haraka ataona hesabu imekaa vizuri: 60 yanakuja, 48 wanasubiri, yanabaki 12.

Hesabu hiyo inadanganya. Nguo za jumla mara nyingi hufungwa kwa seti, yaani kila namba huja kwa idadi sawa, kwa hiyo magauni 60 ni 15 ya kila namba. Wanaosubiri hawakugawanyika hivyo. Wanaotaka namba 4 ni 8, namba 6 ni 22, namba 8 ni 12, na namba 10 ni 6. Mzigo ukifika wote bila kasoro, watu saba wa namba 6 hawatapata kitu, huku magauni tisa ya namba 10 yakining'inia dukani. Saba hao, kama wamelipia, wameuziwa hewa, na muuzaji hakukusudia. Alihesabu magauni badala ya kuhesabu namba.

Ndiyo maana orodha ya kusubiri haiwi moja kwa bidhaa nzima. Inakuwa orodha ya kila namba na kila rangi, na ndani yake watu wanapangwa kwa tarehe na saa walioomba. Daftari la kawaida linatosha: ukurasa mmoja kwa kila namba, jina, simu, saa ya ujumbe wa kwanza, alicholipa na jibu lake la mwisho. Na usiahidi magauni yote 15. Kwenye mzigo hukosi pungufu moja mbili, zipu iliyokufa, au kitambaa chenye doa. Ahidi 13 ya kila namba, mawili yakae kama akiba. Kwa duka letu, wateja 39 wanathibitishwa: wote 8 wa namba 4, 13 wa namba 6, wote 12 wa namba 8 na wote 6 wa namba 10. Wale 9 waliobaki wa namba 6 wanaambiwa leo hii kwamba wapo nje ya mzigo, wataitwa mtu akijitoa, na wasilipe hata shilingi. Wengine watakasirika. Ni bora wakasirike sasa, wakati madirisha ya maduka mengine bado yamejaa, kuliko usiku wa kuamkia sikukuu.

Tarehe ndiyo ahadi ngumu zaidi. Mzigo wa meli kutoka China huchukua mwezi na zaidi, kwa hiyo kwa Idi iliyokwisha kukaribia hakuna njia ila ndege, ambayo kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili tangu mzigo uingie ghala la agenti hadi utoke forodhani Dar es Salaam. Kumbuka hapo: tangu uingie ghalani, siyo tangu ulipotuma pesa kiwandani. Mwaka 2026 tofauti hiyo ilikuwa kubwa, kwa kuwa mwaka mpya wa Kichina uliangukia Februari 17 na Ramadhani ikaanza siku moja au mbili baadaye. Viwanda hufunga, wafanyakazi husafiri makwao mikoani, na vingine huchukua wiki kadhaa kurudi kwenye kasi yake. Muuzaji wa kule ataendelea kukujibu kwa simu kwamba kila kitu kiko sawa, na mashine zimezimwa. Kwa hiyo alama ya kuaminika ni risiti ya agenti inayosema amepokea katoni ngapi na zina uzito gani. Kabla ya risiti hiyo, mteja aandikwe jina tu. Baada yake, unaweza kuomba malipo ya awali.

Ujumbe wa kwanza kwa mteja aliyethibitishwa unaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi mama Salma. Lile gauni la maua namba 6 limeisha dukani. Mengine yapo ghala la agenti Guangzhou, tunategemea yafike Dar kati ya Machi 8 na 13. Wewe ni wa 7 kwenye orodha na nafasi yako ipo. Ukitaka kusubiri, tuma 15,000, iliyobaki utamalizia ukilipokea. Yasipofika hadi Machi 16, tutakurudishia 15,000 yako siku hiyohiyo pamoja na ya kutolea, bila wewe kudai. Kama hutaki kusubiri, lile la bluu namba 6 lipo dukani leo. Tafadhali nijibu kabla ya kesho saa kumi jioni, usipojibu nafasi itaenda kwa anayefuata."

Ujumbe huo ni mrefu kidogo, lakini kila sentensi ina kazi. Tarehe ni mbili, ya mapema na ya mwisho, kwa sababu tarehe moja kwa mzigo wa ndege ni bahati nasibu. Mteja anajua nafasi yake. Ana njia tatu, na mojawapo ni kuondoka kwa amani. Tarehe ya kikomo imewekwa Machi 16 kwa sababu Idi ilitarajiwa Machi 20 au 21, na mzazi anahitaji siku chache za kuzunguka kutafuta gauni jingine. Kumrudishia mtu pesa yake maduka yakiwa yanafungwa jioni ya mwezi kuandama ni sawa na kutomrudishia, kwa sababu alichokuwa anakinunua ni mtoto wake kuvaa nguo mpya asubuhi ya Idi. Tarehe ya kurudisha pesa hupangwa kwa siku ya mteja, na siyo siku ambayo muuzaji anaona itamfaa.

Marekani wameliandikia jambo hili kanuni tangu miaka ya 1970, na inafaa kujua inavyofikiri. Muuzaji wa mbali lazima awe na msingi wa kuaminika wa tarehe anayotaja, na asipotaja yoyote huhesabiwa ameahidi kusafirisha ndani ya siku 30. Akichelewa, lazima amjulishe mteja na ampe nafasi ya kufuta oda. Kinachonivutia ni jinsi wanavyouchukulia ukimya. Kwa ucheleweshaji wa kwanza usiozidi siku 30, mteja asiyejibu huhesabiwa amekubali kusubiri. Ucheleweshaji ukiwa mrefu zaidi, au usio na tarehe, ukimya wake ni kukataa, na pesa inarudi. Mwaka 2000 wauzaji saba wa mtandaoni, wakiwemo Toysrus.com na Macys.com, walikubali kulipa jumla ya dola milioni 1.5 kwa madai ya kuvunja kanuni hiyo katika msimu wa Krismasi ya 1999. Kwa gauni la Idi, mimi ningekuwa mkali zaidi: tarehe ya kwanza ikipita, ukimya wa mteja ni "nirudishie".

Turudi kwenye duka letu. Machi 9 agenti anapiga simu: katoni zimeachwa na ndege, zitapakiwa safari inayofuata, zitegemewe kati ya 14 na 16. Ujumbe wa pili unatoka siku hiyohiyo, hata kama bado siku nne kufika Machi 13. Unasema kilichotokea kwa sentensi moja, unataja tarehe mpya, na unauliza: unasubiri au nikurudishie leo? Wateja watano wanajitoa, watatu kati yao wa namba 6. Papo hapo watatu wa kwanza miongoni mwa wale tisa wanaitwa, kwa mpangilio wa daftari. Siyo shemeji wa mwenye duka, wala yule aliyejitolea kuongeza elfu kumi. Orodha ikirukwa mara moja kwa siri itajulikana, maana kina mama hawa wako kwenye kundi moja la shule.

Pesa ya hao watano ni 75,000 na ya kutolea juu yake. Iko wapi? Wateja 39 walilipa jumla ya 585,000, na hapa ndipo maduka mengi hukwama, kwani pesa hiyo imeshaongezwa kwenye mzigo mwingine. Malipo ya awali yakae kwenye laini yake peke yake, isiyotumika kwa kodi wala bidhaa, mpaka gauni likabidhiwe. Mtaji wa mzigo utoke kwingine. Duka lisiloweza kufanya hivyo lisipokee pesa kabla ya gauni kufika. Liandike majina tu.

Unaporudisha, tuma kwa namba ileile iliyolipa, na ujumbe utangulie pesa. Matapeli wamewazoesha watu kuogopa pesa inayoingia bila maelezo, na mteja anaweza kudhani ni mtego. Mwandikie kiasi, sababu na jina litakaloonekana. Usimbembeleze aiache kwa ajili ya mzigo ujao. Akitaka mwenyewe atasema.

Mzigo unafika Machi 14. Kabla ya kumwita mtu yeyote, katoni zinafunguliwa na kuhesabiwa kwa namba. Namba 6 yapo 14 badala ya 15, na moja zipu haipandi. Mazuri ni 13, na walioahidiwa ni 13. Kila mmoja anapewa saa 48 za kuchukua na kumalizia 30,000. Wawili hawatokei wala hawapokei simu, wanarudishiwa pesa zao, na magauni yao yanakwenda kwa wawili wanaofuata, ambao mpaka hapo hawakuwa wametoa chochote.

Dukani yamebaki ya namba 10 mengi kuliko yaliyouzwa. Daftari lenye kurasa nne sasa ndilo la kumwonyesha muuzaji wa jumla kabla ya msimu ujao, ili akubali kuvunja seti: namba 6 ziwe nyingi, namba 10 chache. Wengine hukataa kwa oda ndogo. Hapo itabidi kuungana na duka jingine ambalo wateja wake ni mabinti wakubwa, wagawane katoni moja.